Ratiba huanzia mwisho

“Mwalimu, naomba unipangie ratiba ya kusoma.” Ujumbe wa mwanafunzi wa kidato cha nne mara nyingi huishia hapo. Hasemi mtihani ni lini, anasoma masomo gani, wala ana saa ngapi mkononi. Mwalimu mkarimu huchora jedwali zuri, kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tano usiku, kila somo na rangi yake. Kufika Jumatano jedwali hilo limekwisha kazi.

Swali la kwanza la kumuuliza ni tarehe. Wengi huanza na masomo, lakini orodha ya masomo haisemi mada ikishasomwa irudiwe baada ya siku ngapi. Tarehe ndiyo inayosema. Mwaka 2008 Nicholas Cepeda na wenzake walichapisha jaribio la watu zaidi ya 1,350 waliojifunza taarifa ngeni kwao, wakazirudia baada ya muda fulani, kisha wakapimwa. Waliopimwa wiki moja baada ya marudio walifanya vizuri zaidi kama walikuwa wamerudia baada ya siku 1 tu. Kwa waliopimwa baada ya siku 35, mwachano uliofaa ulikuwa kama siku 11, na kwa siku 70 ukawa kama siku 21. Kadiri mtihani ulivyo mbali, ndivyo inavyofaa kuiacha mada ipoe kidogo kabla ya kuirudia.

Tuseme mtihani wa Hisabati umepangwa tarehe 10 Novemba na leo ni tarehe 1 Septemba. Mada inayosomwa leo itarudiwa karibu na tarehe 22 Septemba. Itakayosomwa tarehe 6 Oktoba itarudiwa tarehe 17, na itakayosomwa tarehe 3 Novemba itarudiwa kesho yake. Hesabu hizi ni za makadirio. Jaribio lile lilihusu taarifa za kukumbuka, si kukokotoa milinganyo, na siku zake zilihesabiwa tangu marudio, si tangu somo la kwanza. Hata hivyo zinatosha kuonyesha kwamba jedwali moja linalojirudia vilevile kila wiki, kuanzia Septemba hadi Novemba, haliwezi kuwa sahihi. Tena mtihani wa taifa huchukua siku nyingi, kwa hiyo aulizwe tarehe ya kila karatasi. Kama ratiba ya mtihani haijatoka, apangiwe wiki mbili tu kwa kukisia, na aambiwe wazi kwamba ni kukisia.

Swali la pili ni la saa, na hapa ndipo watu hujidanganya. Ukimuuliza ana muda gani, atakwambia saa nne kila siku. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada wakadirie siku za kumaliza tasnifu zao. Walikadiria wastani wa siku 34, ikawachukua karibu 56. Hata walipoambiwa wakadirie mambo yakienda vibaya kabisa, walitaja kama siku 49. Kwa hiyo asiulizwe atakachofanya, aulizwe alichofanya: “Jana ulitoka shule saa ngapi, ukafika nyumbani saa ngapi, ukafanya nini mpaka ukalala?” Ukishaondoa daladala, kuchota maji, kupika, na mdogo wake anayetaka kusaidiwa kazi za shule, zile saa nne hubaki moja na robo hivi.

Tuchukue saa tisa kwa wiki. Kwa wiki kumi ni saa 90, yaani dakika 5,400. Mada moja ikipewa dakika 40 za kuisoma, kisha marudio mawili ya dakika 20 ya kujibu maswali daftari likiwa limefungwa, inakula dakika 80. Zinapatikana mada 67. Kwa masomo saba, ni tisa au kumi kila somo, na Hisabati ya kidato cha kwanza hadi cha nne peke yake ina mada nyingi kuliko hizo.

Ndipo linakuja swali la masomo, ambalo sasa limebadilika. Halitafuti tena majina ya kujaza visanduku, linatafuta cha kuacha. Usimuulize somo gani gumu, maana atataja lile analoliogopa. Mwombe karatasi zake za mtihani wa majaribio, mpitie palipopotea alama. Aliyepata 28 kwenye Hisabati kwa kuruka takwimu na seti, mada zinazoshikika haraka, ana faida kubwa ya kuchuma hapo kuliko kupandisha Kiswahili kutoka 71 hadi 75. Mada kumi za Kiswahili zipunguzwe ziwe nne, na nafasi sita zihamie Hisabati.

Mwenye haraka na asiyeweza kujibu yote matatu leo, ajibu la tarehe. Saa zake atazijua akiandika kwa wiki moja anachofanya kila jioni, na jedwali linaweza kusubiri wiki hiyo.