Yai la Gramu 60 Liende Trei Gani?

Muuza mayai wa jumla anapopokea mzigo kutoka bandani, mayai huja yamechanganyika. Mtetea ulioanza kutaga wiki iliyopita hutaga yai dogo, kuku wa mwaka mzima hutaga kubwa, na katikati yao kuna kila saizi. Wateja nao hawafanani. Anayetembeza mayai ya kuchemsha huuza moja moja, kwa hiyo dogo la bei nafuu linamfaa. Mwoka keki anataka makubwa, kwa sababu idadi ya mayai kwenye kipimo chake cha unga haibadiliki na yakiwa madogo keki hukauka. Muuza chipsi mayai yuko hapo katikati. Mfanyabiashara akiuza trei zote kwa bei moja, mwoka keki atachagua juu juu na kuwaachia wengine makombo.

Basi anaamua kuyapanga kwa madaraja matatu: madogo, ya kati na makubwa. Kazi inaonekana nyepesi hadi pale anapotakiwa kusema kubwa linaanzia wapi.

Jicho halitoshi, na sababu yake ni ya kimaumbile. Uzito wa yai hauendi sambamba na upana wake. Yai likipanuka kidogo hurefuka na kunenepa pia, kwa hiyo uzito hukua kwa kasi kubwa kuliko upana. Mayai mawili ya umbo moja, moja likiwa na upana wa milimita 43 na jingine 45, yatatofautiana uzito kwa karibu asilimia 15. Kama la kwanza lina gramu 55, la pili lina 63. Milimita mbili ni vigumu kuziona, ila gramu nane ni tofauti ya daraja zima. Tena jicho hupima kwa kulinganisha na vilivyo jirani: yai lilelile litaitwa kubwa likiwa kwenye mzigo wa mitetea, na la kati likiwa kwenye mzigo wa kuku wazima.

Kwa hiyo inahitajika mizani. Ile ya duka ya kilo 30 haifai kwa kazi hii, maana mara nyingi namba zake huruka kwa gramu 5 au 10. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha.

Tumchukue mfanyabiashara wa kubuni wa Dar es Salaam aliyepima trei nne, yaani mayai 120, akaandika kwenye daftari uzito wa kila moja. La chini kabisa lilikuwa na gramu 46 na la juu 66. Kama ilivyo kawaida ya mayai ya banda moja, mengi yalirundikana katikati: 11 yalikuwa na gramu 56 na mengine 11 gramu 57, na kadiri alivyokwenda pembeni ndivyo yalivyopungua. Kwenye gramu 59 yalikuwa 9, kwenye 60 yalikuwa 8, kwenye 61 yakawa 6.

Akachora mipaka miwili, gramu 50 na gramu 60. Chini ya 50 akapata madogo 7. Kuanzia 50 hadi kabla ya 60 akapata ya kati 84. Kuanzia 60 kwenda juu, makubwa 29.

Hapo ugomvi wa kwanza ulikuwa umeshamngoja. Wafanyabiashara wengi hubandika ukutani kitu kama hiki: kati ni 50 hadi 60, makubwa ni 60 hadi 70. Sasa yai la gramu 60 kamili ni la nani? Katika mzigo huu si yai moja la kubishania, ni 8. Yakihesabiwa kuwa makubwa, makubwa ni 29. Yakirudishwa kati, yanabaki 21. Kijana anayepanga asubuhi akifuata kanuni moja na wa jioni akifuata nyingine, trei za duka moja hazitafanana, na hakuna atakayekuwa amekosea.

Dawa ni kutaja mpaka mmoja tu kwa kila daraja, ule wa chini. Makubwa ni kuanzia 60. Kati ni kuanzia 50. Yaliyobaki ni madogo. Kila yai linapata mahali pamoja tu, na hakuna linaloanguka katika ufa. Sheria za Umoja wa Ulaya zimeandikwa kwa mtindo huohuo: daraja la M linaanzia gramu 53 na kuishia kabla ya 63, L linaanzia 63 na kuishia kabla ya 73, XL ni 73 na kuendelea, na S ni chochote chini ya 53. Kujaribu kuziba kwa kusema “kati ni 50 hadi 59” hakusaidii sana, kwani siku mizani yenye nukta itakaponunuliwa, yai la 59.5 litakosa kwao.

Anayeweka hesabu kwenye kompyuta au simu anakutana na tatizo hilo kwa sura nyingine. Fomula huuliza maswali kwa mpangilio, na swali la kwanza likijibiwa ndiyo, la pili haliulizwi kabisa. Hii inafanya kazi:

```
=IF(A2>=60,"Makubwa",IF(A2>=50,"Kati","Madogo"))
```

Hii haifanyi:

```
=IF(A2>=50,"Kati",IF(A2>=60,"Makubwa","Madogo"))
```

Yai la gramu 64 limeshapita 50, kwa hiyo linaitwa la kati kabla swali la 60 halijafikiwa. Kompyuta haitalalamika. Dalili ni moja tu: jumla ya makubwa ni sifuri, siku baada ya siku. Anza na mpaka mkubwa, shuka chini.

Lakini kwa nini 50 na 60? Hapa ndipo fedha zilipo. Tuseme trei iliyochanganyika inauzwa shilingi 9,000, sawa na 300 kwa yai. Baada ya kupanga, trei ya makubwa inauzwa 10,000, ya kati 9,000 na ya madogo 8,000. Kila kubwa linaongeza takriban shilingi 33, na kila dogo linapunguza shilingi 33. Kwa mipaka ya 50 na 60, makubwa 29 yanaongeza 967 na madogo 7 yanaondoa 233. Faida ya kupanga ni shilingi 733 kwa trei nne.

Msaidizi wake anatoa wazo. Madogo 7 hayajazi hata robo ya trei, na trei ya madogo haitapatikana mpaka mzigo wa tano. Mpaka wa chini ukipandishwa hadi 54, madogo yatakuwa 31, ya kati 60 na makubwa 29. Karibu trei moja, mbili, moja. Kila kitu kinajaa vizuri, na mpangaji anafunga kazi mapema.

Ni wazo linalovutia, na linamla tajiri. Madogo 31 yanaondoa shilingi 1,033 na makubwa 29 yanaleta 967. Amepima mayai 120 mmoja mmoja ili apate hasara ya shilingi 67. Yai la gramu 53, ambalo kwa bei ya mchanganyiko lingeuzwa 300 bila swali, sasa ameliita dogo kwa mkono wake mwenyewe.

Kasoro ya pili ya wazo hilo huonekana baadaye. Mpaka wa 54 haukutoka kwa mteja, ulitoka kwenye rundo la siku ile. Mwezi ujao kuku wameongezeka umri, mayai yamenenepa, na ili kujaza trei moja, mbili, moja itabidi mipaka ipande tena. Mwoka keki anayenunua “makubwa” hatajua kama leo yanaanzia 60 au 63. Mpaka mzuri hutafutwa kwa wanunuzi: mwoka keki anakataa lipi, muuza chipsi anaanza kunung’unika kwa lipi. Ukishapatikana unabandikwa na kuachwa, na trei za madogo zisipojaa leo basi zingoje, mradi kila trei inayongoja iandikwe tarehe ya yai lililo kongwe zaidi.

Kuna pia kishawishi cha upande wa juu. Mpaka wa makubwa ukishushwa gramu moja tu, kutoka 60 hadi 59, mayai 9 yanavuka na faida inaongezeka shilingi 300. Mnunuzi hataona kwa macho. Atakayeona ni yule mwenye mizani, na kwa bahati mbaya hata mfanyabiashara mwaminifu anaweza kunaswa naye, kwa sababu mayai hupungua uzito.

Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana, na maji hutoka humo kama mvuke tangu siku ya kutagwa. Nafasi ya hewa kwenye ncha butu hukua, ndiyo maana yai kuukuu huelea majini. Kwenye chumba chenye joto kama la pwani, yai linaweza kupoteza gramu moja au zaidi kwa wiki. Mayai yote 8 yaliyopimwa 60 siku ya Jumatatu yanaweza kuwa na 59 yakifika kwa mwoka keki wiki inayofuata. Ongeza na ukweli kwamba mizani ya gramu moja huandika 60 hata kwa yai la 59.6.

Sheria ya Ulaya imelitambua hilo: katika shehena ya daraja moja, hadi asilimia 10 ya mayai yanaweza kuwa ya madaraja jirani, lakini yale ya daraja la chini yasizidi asilimia 5. Wamarekani wamepita njia nyingine. Wao hutaja uzito wa chini wa dazeni nzima, ambao kwa daraja la Large ni aunsi 24, yaani karibu gramu 680. Muuzaji wa trei angeweza kuiga kwa kupima trei nzima na kutoa uzito wa trei tupu, ila trei yenye mayai mazito kumi na mepesi kumi itapita mtihani huo bila shida, na mwoka keki atagundua anapovunja.

Njia rahisi kwa mfanyabiashara wetu ni kuwa na mipaka miwili kwa daraja la makubwa: ule anaomwahidi mteja, 60, na ule anaotumia kwenye meza ya kupangia, 61. Mayai 8 ya gramu 60 yanarudi kati, makubwa yanabaki 21, na faida ya trei nne inashuka kutoka 733 hadi 467. Kwa mayai yanayouzwa siku ileile hakuna haja ya kupoteza shilingi hizo 267. Kwa yanayosafirishwa au kulala dukani, ndiyo bei ya kutogombana. Na kando ya mizani kuwe na bolti moja isiyobadilishwa, iliyoandikwa uzito wake, ipimwe kila asubuhi kabla ya yai la kwanza. Bolti ya gramu 58 ikisoma 59, tatizo liko kwenye mizani, na mayai yote ya kwenye mpaka yanangoja hadi betri ibadilishwe.