Dhahabu Iliposhuka kwa Maneno Matupu

Tarehe 19 Juni 2013, Ben Bernanke, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, aliwaambia waandishi wa habari kwamba, uchumi ukiendelea kuimarika, benki huenda ikapunguza ununuzi wa hati fungani baadaye mwaka huo. Siku hiyo hakuna kilichobadilika: riba ilibaki karibu na sifuri, na ununuzi ukabaki dola bilioni 85 kwa mwezi. Hata hivyo, kesho yake wakia moja ya dhahabu ilishuka chini ya dola 1,300.

Sababu ni kwamba dhahabu haimlipi mwenye nayo riba. Wawekezaji wakitarajia hati fungani zilipe zaidi, huiuza dhahabu mapema bila kungoja uamuzi. Uamuzi wenyewe ulikuja tarehe 18 Desemba, ununuzi ulipopunguzwa hadi dola bilioni 75. Kufikia hapo, sehemu kubwa ya anguko la mwaka ule ilikwisha kutokea.

Kumbukumbu za vikao zisomwe kwa tahadhari zaidi, kwa kuwa hutolewa wiki tatu baada ya kikao, na takwimu mpya za ajira au bei huenda zimeshazipita.

Kwa hiyo ukisikia dhahabu imetikiswa na hotuba, tazama mambo mawili: je, kiwango cha riba kimebadilika? Je, kiasi cha ununuzi kimebadilika? Kama hakuna, kilichobadilika ni matarajio tu, nayo yanaweza kugeuka kwa hotuba inayofuata.