Gesi ya Kiyoyozi cha Gari Hupimwa kwa Mzani

Kiyoyozi cha gari kikianza kupuliza hewa ya uvuguvugu, wengi wetu humwambia fundi maneno mawili tu: "Ongeza gesi." Fundi anafunga geji, anafungua mtungi, anatazama mshale ukipanda, kisha anapokea hela yake. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoua kompresa, maana hakuna aliyeuliza ni gesi gani inayotakiwa, wala ni gramu ngapi.

Tuanze na aina. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R-12, gesi iliyoondolewa sokoni kufuatia Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Ikafuata R-134a, na ndiyo iliyomo katika Toyota IST, Vitz na Noah nyingi zinazoshushwa bandari ya Dar es Salaam zikitoka Japani. Magari mapya zaidi, hasa ya Ulaya ya kuanzia 2017, hutumia R-1234yf, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mwaka wa gari unakupa fununu tu. Jibu lenyewe limeandikwa kwenye lebo chini ya boneti: jina la gesi na uzito wake kwa gramu.

Uzito huo ndio unaopuuzwa sana, na sababu ni imani kwamba geji inaonyesha gesi iliyomo. Haionyeshi. Chukua gari la R-134a lililozimwa na kupoa kivulini, joto likiwa nyuzi 30. Geji itasoma karibu psi 97. Mfumo ukiwa na gramu 450 itasoma hivyo, na ukiwa na gramu 250 itasoma vilevile, kwa sababu maadamu ndani kuna gesi iliyogeuka kimiminika, shinikizo hufuata joto. Injini ikiwaka, geji inamsaidia fundi kujua mfumo unavyofanya kazi, lakini usomaji unabadilika kwa hali ya hewa, mwendo wa injini na nguvu ya feni. Kinachojua gramu ni mzani peke yake.

Sasa tuseme lebo ya gari lako inasema gramu 450, na mfumo ni mtupu. Fundi ana makopo ya gramu 340. Akitia mawili inakuwa 680, yaani nusu nzima ya ziada. Kimiminika kinajaa ndani ya kondensa na kubana nafasi ambayo gesi ya moto inahitaji ili ipoe. Shinikizo linapanda, kompresa inalemewa, mafuta ya gari yanaliwa zaidi. Utaitambua hali hii kwenye foleni: kiyoyozi kinapuliza joto gari likiwa limesimama, halafu kinapata nafuu ukishika barabara kuu. Mbaya zaidi ni kimiminika kurudi kwenye kompresa, maana kompresa inasukuma gesi, na kimiminika hakibanwi. Valvu zake huvunjika.

Akitia kopo moja pungufu inakuwa gramu 110. Baridi huenda ikaonekana ya kuridhisha asubuhi, lakini oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi hiyohiyo. Gesi ikizidi kupungua, kompresa hukosa oili na hukosa pia ubaridi wa gesi inayorudi. Utasikia klachi ikishika na kuachia kila mara. Kompresa ikisagika, chembe za chuma huingia kwenye kondensa na vali ya kupunguza shinikizo, na hapo bili si ya kompresa pekee.

Gesi isiyo sahihi ina balaa zake. R-22 ya viyoyozi vya nyumbani, kwenye nyuzi 60, ina shinikizo la karibu psi 337, wakati R-134a ina 229. Mipira na sili za gari hazikutengenezwa kwa hilo. Kwenye haibridi zenye kompresa ya umeme, kama Prius, hata oili ni ya pekee isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida ikichanganyika humo, umeme huvuja na kompyuta ya gari inazima kompresa.

Kazi sahihi huanza kwa mashine kuvuta gesi yote ya zamani na kuipima. Zikitoka gramu 210 kati ya 450, unajua 240 zimevuja, kwa sababu gesi hii hailiwi kama petroli. Basi tafuta doa la oili lililoshika vumbi kwenye viungo vya mipira na mbele ya kondensa, uzibe. Kisha pampu ivute hewa na unyevu kwa nusu saa au zaidi, izimwe, na geji itazamwe: mshale ukirudi taratibu, bado kuna tundu, usimruhusu fundi atie hata gramu moja. Ukitulia, mtungi uwekwe juu ya mzani na gesi iingie mpaka uzito wake upungue kwa gramu 450.