Jinsi Simu Ijuavyo Mahali Ilipo

Wako watu wadhanio kwamba simu hupeleka swali juu angani, na jibu likarudi kuieleza mahali ilipo. Sivyo. Simu husikiliza tu. Huko juu, umbali wa kilomita 20,200 hivi, huzunguka setilaiti za Amerika, na utaratibu wake huitwa GPS. Hupita juu ya Tunduma na Vwawa kama zipitavyo juu ya nchi zote. Kila moja ina saa iliyo sahihi mno, na daima hutangaza mambo mawili: wakati wa kutangaza, na njia yake angani.

Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hivyo wimbi litokalo kwenye setilaiti iliyo juu ya utosi hutufikia kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijatimia. Simu ikijua wimbi limekaa njiani muda gani, yajua na umbali wa setilaiti ile. Kwa umbali wa setilaiti tatu ingeweza kujua mahali ilipo, kama saa yake ingekuwa sahihi. Lakini saa ya simu ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali hupotoka kwa mita 300. Kwa hiyo huhitaji setilaiti ya nne, ili aisahihishe saa yake.

Basi, mbona mara nyingine simu hukawia? Kupima umbali si kazi ndefu. Kinachokawiza ni ile habari ya pili, ambayo twaweza kuiita barua ya setilaiti, maana ndani yake imeelezwa njia yake yote. Barua hii hutumwa polepole sana, alama 50 tu kwa sekunde, na hurudiwa kila baada ya sekunde 30. Tena haifai siku nyingi: baada ya saa nne hivi huchakaa, na simu hutaka mpya.

Tumfikirie dereva wa gari la mizigo aliyezima simu yake Dar es Salaam, akaiwasha Tunduma, ndani ya ghala la matofali lenye paa la mabati. Hana bando, ila ramani ameihifadhi ndani ya simu. Barua zote za zamani zimechakaa. Wimbi limekuja kutoka mbali, nalo limekuwa dhaifu. Bati hulizuia, na matofali huzidi kulipunguza. Kidogo huingia kwa mlango na dirisha. Simu yaanza kusoma barua, alama chache zapotea, nayo yalazimika kungoja mzunguko mwingine. Aweza kukaa dakika nyingi asione kitu. Akitoka uwanjani, penye mbingu wazi, simu husoma barua za setilaiti kadhaa kwa pamoja, na kwa kawaida hupata mahali pake kwa muda wa dakika moja hivi.

Sasa mwenzake mwenye bando, akiwa karibu na mlango wa ghala lile lile, hupata jibu kwa sekunde chache. Simu yake imeletewa barua zile zile kwa njia ya mtandao, upesi, bila kuzingoja kutoka juu. Tena mnara wa simu umeiambia iko upande gani wa nchi na ni wakati gani, nayo yajua ni setilaiti zipi zilizo juu ya Tunduma saa ile. Kazi iliyobaki ni kupima tu. Kazi hiyo yawezekana hata kwa wimbi dhaifu, kama vile mtu atambuavyo kwa mbali mdundo wa ngoma aijuayo, ingawa hawezi kusikia maneno ya mwimbaji.

Hata simu ikishika mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, msaada huo wafaa, maana Nakonde na Tunduma ni jirani. Huenda saa ya kioo ikarudi nyuma saa moja kufuata Zambia. Lakini setilaiti hazifuati saa za nchi, na hesabu haiharibiki.

Lakini mtandao hausikilizi kwa niaba ya simu. Mahali ambapo wimbi haliingii kabisa, barua peke yake haifai kitu. Hapo simu hukisia kwa minara iliyo karibu, nawe utatambua, kwa kuwa alama ya ramani huzungukwa na duara pana. Duara likiwa pana, usiamini nukta iliyo katikati. Toka nje, simama penye mbingu wazi, ungoje mpaka duara lisinyae.

Maswali
1. Kwa nini setilaiti tatu hazitoshi?
2. Mtandao huiletea simu nini, na ni kazi gani hauwezi kuifanya?