Skonzi, Sosi na Yale Ambayo Lebo Haisemi

Mtu mwenye mzio wa simsim anaweza kudhurika na mbegu nne tu. Mbegu moja ya simsim ina uzito wa miligramu 3 hivi, na karibu moja ya tano ya uzito huo ni protini, kwa hiyo mbegu nne zinafikisha miligramu 2 za protini. Hicho ndicho kiwango cha rejea ambacho jopo la wataalamu wa FAO na WHO lilipendekeza kwa simsim mwaka 2021, na kwa yai likapendekeza kiwango hicho hicho. Kwa samaki ni miligramu 5. Chini ya viwango hivyo, takriban watu 95 kati ya 100 wenye mzio husika hawaonyeshi dalili. Mbegu nne ni kidogo kuliko zile zinazobaki kwenye trei baada ya skonzi za baga kuondolewa. Trei hiyo hiyo ikipakiwa mkate wa kawaida kabla ya kufutwa, mkate unatoka na kitu ambacho hakikuandikwa popote.

Mjini Kisumu, mbegu hii ni rahisi kukutana nayo. Simsim, ambayo Wajaluo huiita nyim, inauzwa sokoni bila pakiti, inafinyangwa na sukari kuwa vitafunio, na huvuka mpaka kutoka Uganda ikiwa imesagwa pamoja na karanga katika mchuzi mzito wanaouita odii. Maduka ya Wahindi yana vitu vya til, ambayo ni simsim hiyo hiyo kwa jina lingine, na baadhi ya chupa za mafuta huandikwa jinjeli. Tahini nayo ni simsim iliyosagwa. Mzazi anayetafuta jina moja tu kwenye lebo atayapita mengine matatu.

Tuchukue mlo mmoja na tuusome wote: baga ya kutengeneza nyumbani, yenye skonzi za pakiti kutoka supamaketi, mayonizi na sosi ya babakyuu. Tuseme mezani kuna mtoto mwenye mzio wa yai na mwingine asiyeweza kula samaki. Lebo ninazozieleza si za kampuni fulani. Ni za aina inayopatikana katika rafu yoyote.

Lebo ya skonzi inasomeka hivi: unga wa ngano, maji, sukari, mafuta ya mboga, hamira, chumvi, kiboreshaji cha mkate, kiemulsifaya E322, kihifadhi E282. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Jicho langu huenda kwanza kwenye chumvi. Katika mkate wa kawaida chumvi haizidi sana asilimia 2 ya uzito wa unga, kwa hiyo kila kilichoandikwa baada yake ni kidogo kuliko hapo. Watu wengi huacha kusoma wakifika kwenye chumvi, wakidhani kilichobaki ni kemikali za kiwandani. Kwa mwenye mzio, hapo ndipo kazi inapoanza.

Kiboreshaji cha mkate ni mchanganyiko ambao mwokaji huununua tayari kwenye gunia. Ndani yake mna vimeng'enya, vitamini C, mara nyingi kiemulsifaya, na mara nyingi pia unga wa soya usiopikwa. Soya hiyo inawekwa kwa sababu kimeng'enya chake huufanya mkate uwe mweupe na kuupa donge nguvu. Hii ni soya kamili, yenye protini yake yote. Viwango vya kimataifa vinaruhusu kiambato mchanganyiko kilicho chini ya asilimia 5 ya bidhaa kisifafanuliwe, lakini ruhusa hiyo haivihusu vyakula vya mzio vilivyotajwa kwenye orodha. Vyenyewe vinatakiwa kutajwa hata vikiwa kidogo. Kasoro hutokea mwokaji mdogo anapoandika "kiboreshaji cha mkate" na kuishia hapo, bila kunakili maandishi ya gunia. Kwa hiyo ukiona neno hilo peke yake, bila mabano yanayolifafanua, hesabu kwamba soya haijakanushwa.

E322 ni jambo tofauti, na hapa ninadhani watu huogopa kupita kiasi. Hiyo ni lesithini, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye soya, wakati mwingine kwenye alizeti, na mara chache kwenye kiini cha yai. Lesithini ya soya ina protini kidogo sana, na wengi wenye mzio wa soya huivumilia, kama wanavyovumilia mafuta ya soya yaliyosafishwa kikamilifu kiwandani. Daktari wako ndiye wa kuamua kama wewe ni mmoja wao. Lakini usilihamishie jibu hilo kwenye mafuta ya simsim. Hayo kwa kawaida hukamuliwa bila kusafishwa hivyo, ili yabaki na harufu yake, na protini hubaki humo pia.

Yai halionekani kwenye orodha ya skonzi zetu. Je, sehemu ya juu inang'aa rangi ya kahawia? Mng'ao huo mara nyingi ni yai lililopigwa pamoja na maji na kupakwa kwa brashi kabla ya kuoka. Lilipaswa kuandikwa kama kiambato kingine chochote, ila katika kiwanda kidogo mapishi ya donge huandikwa na mtu mmoja na kupaka juu ni kazi ya mwingine. Unapoona mng'ao na orodha haina yai wala maziwa, kuna swali la kuuliza. Wapo watoto wenye mzio wa yai wanaoweza kula keki iliyookwa muda mrefu, kwa sababu moto hubadilisha sehemu kubwa ya protini ya ute. Hata hivyo, protini moja, ovomukoidi, inastahimili moto vizuri, na yai lililopakwa juu halijachanganyika na unga, ambao husaidia kupunguza makali ya protini hiyo. Kula keki salama hakumpi mtoto ruhusa ya skonzi inayong'aa, wala jaribio hilo si la kufanyia nyumbani.

Mayonizi haihitaji maelezo marefu: ni mafuta na yai, na yai lenyewe kwa kawaida halijapikwa. Mtego uko kwenye chupa ya jirani yake, ile inayotangaza kwamba haina yai. Kitu lazima kishike mafuta na maji pamoja, na mara nyingi kitu hicho ni protini ya soya. Mzazi wa mtoto mwenye mzio wa yai ananunua kwa furaha, na mgeni mwenye mzio wa soya anakula bila kuuliza.

Sosi ya babakyuu ndiyo inayosomeka kwa shida. Orodha yake: maji, sukari, nyanya iliyokolezwa, siki, sosi ya Worcestershire (siki, molasi, ukwaju, anchovi), wanga uliobadilishwa, protini ya mboga iliyohidrolisiwa, viungo, E415. Samaki yuko ndani ya mabano, nafasi ya nne ndani ya kiambato cha tano. Anchovi ni samaki mdogo wa baharini, na sosi ya Worcestershire ya asili hutengenezwa naye. Mtu wa Kisumu anayejua kwamba ngege na mbuta humdhuru anaweza kudhani samaki wa bahari ya mbali hawamhusu. Wanamhusu. Protini inayosababisha mzio mwingi wa samaki, parvalbumini, inafanana kutoka spishi hadi spishi, haiharibiwi kwa urahisi na kupikwa, na imo hata kwenye omena waliokaushwa juani. Mkono wako ukutane na mabano kabla ya macho kuruka mbele: weka kidole kwenye kila bano linalofunguka usikitoe mpaka lifungwe.

Protini ya mboga iliyohidrolisiwa ipo ili kuleta ladha ya nyama. Inaweza kuwa ya soya, ya ngano au ya mahindi. Ikiwa lebo haisemi ni ipi, rudisha chupa rafuni.

Limebaki neno "viungo". Mchanganyiko wa viungo usiozidi asilimia 2 unaruhusiwa kuandikwa kwa jina la jumla. Vyakula vya mzio vilivyo kwenye orodha haviruhusiwi kujificha humo, lakini kwa miaka mingi simsim haikuwa kwenye orodha. Kiwango cha Kodeksi cha lebo, CXS 1-1985, kilitaja yai, samaki na soya miongoni mwa makundi manane, na kiwango cha Afrika Mashariki EAS 38 kinachotumiwa na KEBS kilijengwa juu yake. Kodeksi iliiongeza simsim Novemba 2024, na katika marekebisho hayo hayo soya ikahamishiwa kwenye orodha ambayo kila nchi inajiamulia. Kiwango cha kimataifa hakibadilishi chupa zilizopo rafuni siku hiyo hiyo. Mpaka chupa hizo zibadilike, sosi yenye neno "viungo" na harufu ya karanga zilizokaangwa ni ya kuiacha.

Marekani iliifanya simsim kuwa ya lazima kwenye lebo kuanzia Januari 1, 2023, na matokeo yake yalishangaza. Baadhi ya waokaji waliona kusafisha mitambo hadi isibaki mbegu ni gharama kubwa, wakaamua kuongeza unga kidogo wa simsim kwenye mikate ambayo haikuwa nayo, kisha wakaitaja kwenye lebo. Sheria ikatimizwa, na wenye mzio wakapoteza mikate waliyoizoea. Kama una ndugu huko anayekutumia au kukuletea mikate, asiamini pakiti ya mwaka juzi.

Maneno ya "huenda ikawa na chembe za" ni ya hiari kwa mtengenezaji. Pakiti isiyo nayo haijaahidi chochote. Kwa hiyo namba ya simu iliyopo kwenye pakiti ni sehemu ya lebo, ila iulizwe vizuri. Ukiuliza "Je, mkate wenu ni salama?" utajibiwa ndiyo. Uliza hivi: kiboreshaji chenu kina soya? Mnapaka nini juu ya skonzi? Skonzi za simsim hupita kwenye mashine ile ile, na siku hiyo hiyo, kabla au baada ya hizi? Anayejibu kwa haraka bila kwenda kutazama gunia hajajibu.

Kuna vyakula ambavyo lebo haivifikii kabisa. Mkate wa moto kutoka oveni ya supamaketi hufungwa mbele yako, au hufungwa mapema na kubandikwa bei tu. Uingereza ililazimika kubadili sheria Oktoba 2021 baada ya kifo cha Natasha Ednan-Laperouse, msichana wa miaka 15, aliyekula mkate wenye simsim ndani ya donge mwaka 2016, mkate uliotengenezwa dukani na usio na maelezo ya mzio. Hapa kwetu, omba kuona gunia au kitabu cha mapishi cha mwokaji. Asipokuwa nacho, nunua cha pakiti.

Na uji. Unga wa uji wa watoto kando ya ziwa mara nyingi una omena na soya pamoja na wimbi na mtama, kwa sababu ni lishe nzuri kwa asiye na mzio. Ukisagiwa kwenye posho mili, unga wa mteja wa kabla yako unabaki ndani ya mashine na kutoka na kilo za kwanza za wako. Mwenye mashine hukumbuka amesaga nini mara ya mwisho. Muulize kabla hajamimina mahindi yako, na kama alisaga omena, mwombe apitishe kilo mbili tatu za mahindi ya kusafishia ambazo hutazichukua, au uende asubuhi baada ya mashine kufunguliwa na kufagiliwa.