Maelezo Potofu, Ushawishi Usiofaa na Kosa katika Sheria ya Mikataba

Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872, yataka ridhaa ya wafanyao mkataba iwe huru. Ridhaa iliyopatikana kwa maelezo potofu au kwa ushawishi usiofaa ni ridhaa bado, ila ina dosari. Kwa hiyo mkataba wake huwa hai mpaka aliyeonewa atakapoutangua.

Tuchukue mfano wa ajuza mwenye mashine ya kusaga yenye thamani ya shilingi milioni nne. Anaiuza kwa milioni moja kwa mtoto wa kaka yake, ambaye ndiye anayemtunza na kumshikia fedha zake. Hapakusemwa uongo wowote. Hata hivyo, kifungu cha 16 hutazama mambo mawili: je, mnunuzi alikuwa na uwezo wa kuitawala hiari ya muuzaji, na je, biashara yenyewe ni ya dhuluma? Yakithibitika yote mawili, mzigo wa ushahidi humhamia mnunuzi. Ni juu yake kuonyesha, kwa mfano, kwamba shangazi yake alipata kwanza ushauri wa mtu asiyehusika.

Maelezo potofu hayahitaji utawala huo. Muuzaji akisema kwamba mashine ina miaka mitatu, kumbe ina kumi, mnunuzi aliyemsadiki aweza kuutangua mkataba, hata kama muuzaji mwenyewe aliamini alichokisema. Lakini muuzaji akiwa mkweli wa nia, na mwaka wa kutengenezwa umegongwa waziwazi kwenye injini, mnunuzi ambaye hakujali kuutazama hapati nafuu hiyo.

Kosa ni jambo jingine kabisa. Iwapo mashine iliteketea usiku wa kuamkia mauzo, na pande zote mbili hazikujua, mkataba ni batili tangu mwanzo. Hakuna cha kutangua. Kosa la upande mmoja tu halitoshi, wala kukosea juu ya thamani ya kitu hakuhesabiwi kuwa kosa la jambo la hakika. Ndiyo maana ajuza wetu hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba hakujua bei. Shabaha ya madai yake ni jinsi ridhaa yake ilivyopatikana.

Tofauti hii huuma zaidi mtu wa tatu anapoingia. Mnunuzi akiiuza mashine kwa mgeni asiyejua lolote, naye akalipa kwa nia njema kabla ajuza hajautangua mkataba, mgeni huyo huipata kihalali. Ajuza hubaki kumdai mtoto wa kaka yake. Mkataba ulio batili haumpi mnunuzi miliki yoyote, na kwa kawaida asiyemiliki hawezi kumpa mwingine. Aidha, ajuza akiwahi kutangua, hana budi kuirudisha ile milioni moja aliyopokea.