Kuandika Upya Ujumbe Uliotafsiriwa: Upole Uongezeke, Taarifa Zisibadilike

Mtahiniwa, umekwisha kujifunza kuwa lugha hubadilika kulingana na mhusika, mada, mahali na uhusiano wa wazungumzaji. Katika sehemu hii utatumia maarifa hayo kwa ujumbe uliotafsiriwa. Ujumbe wa namna hii mara nyingi huwa sahihi lakini mkavu. Kazi yako ni kuupa upole bila kugusa jambo lolote lililomo.

Kazi hii hufanyika kila siku katika maduka ya jumla ya Kariakoo, Dar es Salaam. Bidhaa nyingi hutoka nje ya nchi, na taarifa zake hufika dukani kwa lugha ya kigeni. Kijana wa dukani, ambaye pengine alimaliza kidato cha nne mwaka jana tu, huitafsiri taarifa na kumtumia mteja. Mteja naye huutumia ujumbe huo kuamua lini akodi gari, lini atafute fedha na awaahidi nini wateja wake.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Wakati wa likizo nilimsaidia ndugu yangu dukani, na tafsiri ilisema mzigo utakuwa tayari kuanzia saa 4:00 asubuhi. Nikaona saa zinaufanya ujumbe uwe mkali, nikaandika "karibu sana asubuhi na mapema". Mteja alifika na gari la kukodi saa 1:00. Alisubiri saa tatu, na dereva akadai alipwe muda huo. Maneno yangu yalikuwa matamu, lakini yalimtia mtu hasara.

1. Mfano wa tafsiri kavu

Soma ujumbe huu wa mfano. Umetoka katika duka la vitambaa la Kariakoo kwenda kwa mama anayeshona na kuuza sare za shule Mbagala.

"Mpendwa Mteja, unataarifiwa kwamba oda yako ya majora 40 ya kitambaa cha sare imecheleweshwa bandarini. Majora 25 yatapatikana dukani siku ya Alhamisi tarehe 12 Machi kuanzia saa 4:00 asubuhi. Majora 15 yaliyosalia yanatarajiwa kuwasili tarehe 20 Machi au kabla yake. Salio la Sh. 900,000/= linapaswa kulipwa kabla ya mzigo kuchukuliwa. Gharama za usafirishaji wa majora 15 hadi Mbagala zitabebwa na duka. Iwapo majora hayo hayatakuwa yamewasili ifikapo tarehe 20 Machi, mteja anaweza kuomba kurejeshewa fedha za majora hayo. Usumbufu wowote unajutiwa."

Kwa nini ujumbe huu ni mkavu? Kwanza, hauna salamu, na mtu mzima hapewi habari bila kusalimiwa. Pili, umejaa kauli ya kutendwa: "unataarifiwa", "zitabebwa", "unajutiwa". Mwandishi amejificha. Tatu, katikati ya ujumbe "wewe" amegeuka kuwa "mteja", kana kwamba anazungumziwa mtu mwingine. Mambo haya matatu ndiyo utakayorekebisha.

2. Hatua ya kwanza: orodhesha visivyoguswa

Kabla ya kuandika neno lolote, chukua karatasi uandike mambo yote ambayo yakibadilika, mteja atafanya jambo tofauti. Katika mfano wetu ni haya:

(a) Majora 40 ya kitambaa cha sare, yamecheleweshwa bandarini.
(b) Majora 25: dukani, Alhamisi tarehe 12 Machi, kuanzia saa 4:00 asubuhi.
(c) Majora 15: yanatarajiwa tarehe 20 Machi au kabla yake.
(d) Salio Sh. 900,000/=: linapaswa kulipwa kabla ya kuchukua mzigo.
(e) Usafiri wa majora 15 hadi Mbagala: gharama ni za duka.
(f) Yasipofika ifikapo tarehe 20 Machi: anaweza kuomba kurejeshewa fedha za majora 15.
(g) Duka linaomba radhi kwa usumbufu wowote.

Angalia kwamba orodha haina namba peke yake. Ina pia maneno yanayobeba uzito wa ahadi: "yanatarajiwa", "linapaswa", "anaweza kuomba". Wanafunzi wengi hulinda namba vizuri lakini huyasahau maneno haya. "Yanatarajiwa kufika" si ahadi kwamba yatafika. "Linapaswa kulipwa" ni sharti, si ombi.

Hapohapo linganisha saa na ujumbe wa awali. Kiingereza huhesabu saa kuanzia usiku wa manane au adhuhuri, nasi huhesabu kuanzia mapambazuko au machweo, kwa hiyo tofauti ni saa sita. Saa iliyoandikwa 10 asubuhi kwa Kiingereza ni saa 4:00 asubuhi kwetu. Ukikuta tafsiri inasema "saa 10:00 asubuhi", ishuku. Huenda mtafsiri amehamisha namba bila kubadili hesabu.

3. Upole uliopotosha

Sasa tazama mwanafunzi asiyefanya orodha anavyoandika:

"Shikamoo mama yetu! Usiwe na wasiwasi, mzigo umechelewa kidogo tu. Njoo Alhamisi asubuhi uchukue majora 25, na hayo mengine tutakuletea hadi mlangoni wiki inayofuata, inshallah. Ukipata nafasi tunaomba umalizie ile laki tisa. Yasipofika tutakurudishia hela yako yote. Asante kwa kuwa nasi miaka yote hii."

Ujumbe unapendeza, lakini una makosa makubwa. "Kidogo tu" ni maoni ya mwandishi. Tafsiri haikusema ucheleweshaji ni mdogo. "Alhamisi asubuhi" imepoteza tarehe na saa. "Tutakuletea wiki inayofuata" imegeuza matarajio kuwa ahadi, tena bila tarehe ya mwisho. "Hadi mlangoni" ni zaidi ya "hadi Mbagala". "Ukipata nafasi tunaomba" imegeuza sharti kuwa hiari, na mama huyu anaweza kufika bila fedha akanyimwa mzigo. "Hela yako yote" ni kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa haki ya kuomba fedha za majora 15 imekuwa ahadi ya kurudisha fedha za majora 40. "Miaka yote hii" ni taarifa mpya kabisa.

Na neno "inshallah"? Ni neno jema katika mazungumzo, lakini hapa mteja mmoja ataona ni uthibitisho na mwingine ataona ni dalili ya mashaka. Kwa kuwa tafsiri haikuwa nalo, usiliweke penye tarehe.

4. Upole unatoka wapi?

Upole salama hutoka katika mambo manne: salamu na namna ya kumwita mtu, nafsi ("wewe" na "sisi" badala ya "mteja" na "duka"), mpangilio wa habari, na maneno ya kawaida badala ya maneno ya ofisini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji taarifa mpya. Soma sasa ujumbe uliorekebishwa:

"Shikamoo mama. Habari za Mbagala na habari za kazi? Nakuandikia kuhusu majora yako 40 ya kitambaa cha sare. Mzigo umecheleweshwa bandarini, mama, na tunakuomba radhi kwa usumbufu wowote.

Majora 25 utayapata hapa dukani Alhamisi, tarehe 12 Machi, kuanzia saa 4:00 asubuhi. Majora 15 yaliyobaki tunatarajia yafike tarehe 20 Machi au kabla yake, na gharama za kuyasafirisha hayo 15 hadi Mbagala ni zetu. Kama yatakuwa hayajafika ifikapo tarehe 20 Machi, unaweza kuomba urudishiwe fedha za majora hayo 15.

Salio lako ni Sh. 900,000/=, na utapaswa kulilipa kabla ya kuchukua mzigo. Asante mama, karibu dukani."

Zingatia mambo matatu. Kwanza, "zitabebwa na duka" imekuwa "ni zetu", kwa sababu tafsiri ilimtaja mbebaji. Lakini "umecheleweshwa" imebaki hivyo hivyo, kwa sababu tafsiri haikusema nani amechelewesha. Ukiandika "tumechelewesha" umekiri kosa kwa niaba ya duka. Ukiandika "watu wa bandari wamechelewesha" umemshtaki mtu. Kauli ya kutenda inataka mtenda, na mtenda asiyetajwa huruhusiwi kumbuni.

Pili, hatukuandika "pole" mahali pa "tunakuomba radhi". Pole humfariji mtu kwa lililompata, hata kama msemaji hahusiki. Kuomba radhi hubeba wajibu. Ukipenda unaweza kuviweka vyote viwili, lakini usiondoe kimoja ukaweka kingine.

Tatu, kuomba radhi kumehamia mwanzoni na salio limehamia mwisho. Mpangilio unaweza kubadilika, mradi kila sharti libaki na jambo lake.

5. Hatua ya mwisho: hakiki

Rudi kwenye orodha yako na uweke alama ya vema mbele ya kila jambo ulilolikuta katika ujumbe mpya. Kisha fanya kinyume chake: soma ujumbe mpya sentensi kwa sentensi na uulize kila taarifa imetoka wapi. Isiyo na chanzo katika orodha ifutwe, isipokuwa salamu na shukrani. Alama za vema zitakuonyesha ulichoacha, na swali la pili litakuonyesha ulichoongeza.

Mwishowe, mpe mwenzako ausome mara moja tu, kisha umwulize: Uje lini? Uje na shilingi ngapi? Umeahidiwa nini? Akijibu tofauti na orodha, hajakosea yeye. Ujumbe ndio uliokosea.

Zoezi

Andika upya ujumbe huu kwa lugha ya upole, kwa kijana mwenzako anayeuza viatu: "Mteja anataarifiwa kwamba jozi 60 za viatu zitahifadhiwa na duka hadi Jumamosi saa 10:00 jioni. Baada ya muda huo zinaweza kuuzwa kwa mteja mwingine."

Jibu linaloweza kukubalika: "Mambo vipi kaka? Zile jozi zako 60 za viatu tutakuhifadhia hadi Jumamosi saa 10:00 jioni. Baada ya hapo zinaweza kuuzwa kwa mteja mwingine. Karibu sana."

Ukiandika "baada ya hapo tutaziuza", umekosea, kwa sababu "zinaweza kuuzwa" si uamuzi uliokwisha kufanywa. Ukiandika "hadi Jumamosi jioni", umekosea pia: mwenzako akifika saa 12:00 ataamini amewahi, kumbe viatu huenda vimeshauzwa.